Lenzi ya 38.1 au 50.8 kwa leza ya CO2: ninunue ipi?

MihuriTamu: Wakuu, lenzi yangu ya fokasi 50.8 mm imeungua katikati na wiki hii naagiza nyingine. Muuzaji ana ya 38.1 pia, bei ileile. Nachonga mihuri ya mpira na herufi ndogo zinaungana. Nichukue ipi?

FundiKioo: Unakata nini zaidi ya mihuri? Na mwale ukifika kwenye lenzi una upana gani? Bandika solotepu ya karatasi kwenye tundu la kichwa, piga pigo moja fupi, upime alama. Fanya hivyo kona ya karibu na tyubu, kisha kona ya mbali.

Baba Zuu: Chukua 38.1, fokasi fupi doa dogo. Halafu funga kibati chenye tundu dogo juu ya lenzi. Mwale mwembamba ukiingia, doa jembamba linatoka.

FundiKioo: La kwanza sawa, la pili ni kinyume. Doa ni d = 4λf/(πD). D ni upana wa mwale unaoingia, nao uko chini ya mstari: ukiubana, doa linakua, na nguvu inaishia kuchemsha kibati.

Kijana wa Plaiwudi: Yangu ni ya diodi ya bluu, doa lake limekaa kama mstari. Hiyo 38.1 itanifaa?

FundiKioo: Hapana mkuu, lenzi hizi ni za zinki selenaidi, za mwale wa mikroni 10.6. Fungua uzi wako.

MihuriTamu: Nimepima: karibu 4.3 mm, mbali 6.4. Akriliki ya 5 mm nakata pia.

FundiKioo: Basi kiuno cha mwale wako kina kama 4 mm pale unapotokea kwenye tyubu, na kutoka hapo unatanuka. Kwa 50.8, doa ni kama 0.16 mm kona ya karibu na 0.11 ya mbali. Kwa 38.1 ni 0.12 na 0.08. Hayo ni ya mwale safi kabisa. Tyubu halisi huongeza kidogo. Kwa hiyo mihuri ichonge kona ya mbali, kama vioo vimenyooka.

Mama Akriliki: Mbona hamsemi kina? Doa la 0.08 hubaki kali kwa takriban milimita moja tu, kisha mwale unafunguka. Akriliki ya 5 mm itatoka na ukingo wa mshazari. Tena 38.1 inakaa karibu na kazi, moshi unaifikia upesi.

Baba Zuu: Mshazari unapungua ukishusha fokasi hadi katikati ya unene.

Mama Akriliki: Unapungua, hauishi. Mteja wa herufi za kusimama atauona.

FundiKioo: MihuriTamu, ile iliyoungua upande wa mbinuko ulitazama juu? Ikigeuzwa doa linavimba, na herufi zinaungana hivyohivyo. Ukifunga mpya, laza ubao kwa mteremko, chora mstari mmoja, utafute ulipo mwembamba kuliko kote: hapo ndipo fokasi.

MihuriTamu: Mbinuko ulitazama chini, ndivyo mashine ilivyokuja.

Baba Zuu: Bado nasema 38.1.