Mishahara inapanda, bei yangu haipandi kwa kasi hiyo: ninunue mashine au niache?

FundiSanduku (mwanzisha uzi)
Wakuu, nimekwama. Nataka mashine ya kufungasha ya milioni 200, itumike miaka 4, mwishoni haina cha kuuzwa. Kwa bei za leo itaniletea mauzo ya 200 kwa mwaka, mishahara 90, malighafi 40. Inabaki 70. Benki wananitoza asilimia 15.5 na mfumuko wa bei ni asilimia 5, kwa hiyo nikaondoa mfumuko kwenye riba nikapata riba halisi ya asilimia 10. Kwa 10 hiyo, 70 za miaka 4 zina thamani ya leo ya 221.9. Toa 200, faida ni 21.9. Mhasibu wangu anasema mradi huu ni hasara na hataki hata kunielekeza kwa nini. Nani yuko sahihi?

Kigezo75
Mhasibu. Benki inakutoza 15.5, wewe unapunguzia kwa 10, hiyo 10 umeitoa wapi? Tumia 15.5 kwenye 70 zako, utapata 197.8. Ukitoa 200 ni hasara ya 2.2. Uzi ufungwe.

Kalamu Nyekundu
Usifungwe bado. Kigezo, umechukua fedha za bei za leo ukazipunguzia kwa riba iliyobeba mfumuko, yaani mfumuko umeukata mara moja kwenye riba bila kuuongeza kwenye fedha. Mwanzisha uzi hakukosea hapo. Fedha za bei za leo huenda na riba halisi, na 1.155 gawanya kwa 1.05 ni 1.10 kweli.

Ila njia hiyo ina sharti ambalo watu hulisahau: kila kitu kwenye hesabu kipande kwa asilimia ileile 5. FundiSanduku, mishahara yako inapanda kwa ngapi kwa mwaka? Na bei yako ya kuuzia?

FundiSanduku
Zinapanda kawaida tu mkuu, kama soko lilivyo.

Kalamu Nyekundu
"Kawaida" haiingii kwenye hesabu. Nipe namba mbili.

Mpiga Debe
Akijibu mniamshe.

FundiSanduku
Sawa. Mishahara tumeshakubaliana na wafanyakazi kwa maandishi, asilimia 10 kila mwaka kwa miaka 4. Bei ya kuuzia, mteja wangu mkubwa amenibana kwenye mkataba, haizidi asilimia 3. Malighafi inafuata mfumuko, 5. Lakini ukichukua 10, 3 na 5, wastani ni 6, hauko mbali na 5 yangu. Ndiyo maana sikuona haja ya kuleta maneno mengi.

Mama Mizani
Mishahara ya watu si "maneno mengi". Hao ndio wataiendesha hiyo mashine. Ukianza kuwaona kama tatizo, utaanza kuwacheleweshea malipo, halafu ushangae bidhaa zinarudishwa.

Kalamu Nyekundu
Wastani huo ndio uliokudanganya. Asilimia hazijumlishwi bila kuangalia zinakaa juu ya kiasi gani, na juu ya upande upi. Angalia mwaka wa kwanza tu. Asilimia 3 ya mauzo ya 200 ni nyongeza ya 6. Asilimia 10 ya mishahara ya 90 ni nyongeza ya 9. Malighafi inaongeza 2. Umeingiza 6 zaidi, umetoa 11 zaidi. Kwa hiyo 70 yako inakuwa 65, wakati hesabu yako ya mwanzo ilidhani itakuwa 73.5.

Na inaendelea kushuka. Mwaka wa pili inabaki 59.2, wa tatu 52.5, wa nne 44.7. Mwaka huo wa nne mauzo ni 225.1, lakini mishahara imefika 131.8 na malighafi 48.6. Ulianza na mishahara ikila asilimia 45 ya mauzo, unamaliza ikila karibu 59.

Hizi sasa ni fedha zenyewe zitakazopita mkononi, mfumuko uko ndani yake, kwa hiyo zinapunguzwa kwa 15.5. Thamani za leo ni 56.3, 44.4, 34.0 na 25.1. Jumla 159.8. Toa 200, hasara ni 40.2. Kigezo alipata hasara pia, lakini ile 2.2 yake ilitokea kwa bahati. Kama bei zingekuwa zinapanda kuliko mishahara, njia yake ingekataa mradi mzuri.

FundiSanduku
Nimeiweka kwenye lahajedwali napata hasara ya 34.8, siyo 40.2. Nani kakosea?

Kalamu Nyekundu
Umeingiza ile 200 ndani ya mabano. Kanuni hiyo huhesabu namba ya kwanza kama ya mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo imekupunguzia hata fedha unayolipa leo. Kama baki za miaka minne ziko B6 hadi E6, andika hivi:

```
=NPV(15.5%,B6:E6)-200
```

Senti Tano
Kwa asiyetaka jedwali refu kuna njia ya mkato. Gawanya 1.155 kwa kasi ya kila kipengele. Mishahara: 1.155 kwa 1.10 ni 1.05, kwa hiyo 90 ya bei ya leo inapunguzwa kwa asilimia 5 tu. Malighafi inabaki 10. Mauzo: 1.155 kwa 1.03, yanapunguzwa kwa asilimia 12.1. Utaona ubaya wake bila kukokotoa sana: gharama inayopanda haraka inapunguzwa kidogo, mapato yanayopanda polepole yanapunguzwa sana. Mauzo yana thamani ya 605.7, mishahara 319.1, malighafi 126.8. Jibu ni lilelile.

Njia hii inafaa pale tu kila kipengele kinapopanda kwa kasi moja miaka yote. Mkataba ukisema 10, 10, kisha 6, rudi kwenye jedwali.

Njia Panda
Naomba kuuliza. Kwangu mishahara imetulia, kinachopanda ni umeme. Hesabu ni hiyohiyo?

Senti Tano
Ndiyo, badilisha jina la mstari. Ila angalia umeme ni sehemu gani ya mauzo. Kipengele cha asilimia 4 ya mauzo hata kikipanda kwa 10 hakikuzamishi kama hiki cha 45.

FundiSanduku
Mnaniangalia kwa miaka 4 tu. Mashine ile kwa matunzo inafika 8. Nikiweka miaka 8 kwa hesabu yangu ya mwanzo napata faida ya 173.

Kalamu Nyekundu
Hesabu yako ya mwanzo inarudia 70 ileile mara nane, ndiyo maana inanenepa. Endeleza kasi za kweli: mwaka wa tano inabaki 35.9, wa sita 25.8, wa saba 14.3, wa nane 1.3. Wa tisa unatoa fedha mfukoni kuendesha mashine. Miaka hiyo minne ya ziada ina thamani ya leo ya 33.9 tu, na hasara yako inapungua kutoka 40.2 hadi 6.3. Haifutiki. Na hapo nimedhani asilimia 10 itaendelea baada ya makubaliano yenu kwisha, jambo ambalo hakuna anayelijua.

Kigezo75
Kwa hiyo mishahara ingepaswa kupanda kwa ngapi ili asipoteze? Kwa ile miaka 4.

Senti Tano
Kama asilimia 4 hivi. Kwa 4 faida na hasara zinakutana karibu kabisa na sifuri. Yeye amesaini 10.

Kodi Kwanza
Hakuna aliyeuliza kodi. Punguzo la uchakavu wa mashine kwa kawaida hukokotolewa juu ya bei uliyonunulia, halipandi na mfumuko. Huo mstari usiuongezee asilimia yoyote, upunguze kwa 15.5 moja kwa moja.

Mpiga Debe
Wakuu, mmeona lakini? 1.05 mara 1.10 ni 1.155 kamili. 1.155 gawanya kwa 1.10 inarudi 1.05 kamili. Benki gani ya duniani inatoza riba inayogawanyika vizuri namna hiyo? Hii ni chai. Jamaa ana zoezi la darasani na kesho ni kukusanya.

Mama Mizani
Hata mimi nilishangaa. 200, 200, 90, 40. Biashara gani haina hata 7 mwishoni?

FundiSanduku
Nimekaribisha namba ili nisianike biashara yangu. Ya benki ni 15 na pointi, nikaandika 15.5. Na kama ni chai, mbona nimeshalipa 60 ya awali kwa muuzaji? Hairudi. Ndiyo maana siwezi kuacha tu, mnaongea kama niko huru.

Kalamu Nyekundu
Ungeanza na hilo, uzi ungekuwa mwingine kabisa!

Kama 60 hairudi, itoke kwenye hesabu. Uwe umenunua au hujanunua, imekwenda. Swali la leo ni hili: ulipe 140 iliyobaki upate fedha zenye thamani ya 159.8, au uache? Ukiendelea unapata 19.8 kuanzia leo. Kuagiza lilikuwa kosa la 40.2, lakini kuacha sasa ni kupoteza 60 yote.

Kigezo75
Yaani mradi wa hasara unakuwa wa faida kwa sababu alikurupuka kulipa?

Kalamu Nyekundu
Haujawa wa faida. Amebakiwa na njia mbili mbaya, moja ina afadhali. Na afadhali hiyo ni nyembamba. Muuzaji akikubali kurudisha zaidi ya 19.8 leo, kuvunja oda kunashinda. Akirudisha kidogo kuliko hapo, endelea.

Senti Tano
Hapo ndipo ile miaka 8 inaingia kweli. Kama mashine itadumu 8, kuendelea kuna thamani ya 53.7, siyo 19.8. Kwa hiyo kabla ya kujadiliana na muuzaji jiulize kwa ukweli itadumu mingapi, na matengenezo ya mwaka wa tano na kuendelea ni kiasi gani. Hayo sijayaona popote kwenye namba zako.

Mpiga Debe
Mimi bado nasema chai, ila sasa ina sukari.

FundiSanduku
Nimeongea na muuzaji. Anasema anaweza kurudisha 25, lakini baada ya mwaka mmoja. Ni zaidi ya 19.8, nivunje?

Senti Tano
25 ya mwaka kesho kwa 15.5 ni 21.6 leo. Bado imezidi, kwa miaka 4. Mwambie akuandikie, halafu utuambie mashine inadumu mingapi.