Ushauri: konekta ya pipa inavuja, nikikaza zaidi litapasuka?

Mja_wa_Pipa: Wakuu, nimefunga tenki konekta ya nusu inchi na koki kwenye pipa la plastiki. Maji yanachuruzika chini ya nati. Nimezungusha tefloni kwenye konekta na kupaka silikoni, bado. Nikaze zaidi?

Bi_Nati: Usikaze. Tefloni ni ya nyuzi za koki. Konekta inazuia maji kwa washa ya mpira, na iwe ndani, kati ya kichwa cha konekta na ukuta. Ikikaa nje tu, maji hufuata nyuzi. Kaza kwa mkono, kisha nusu mzunguko kwa spana. Mpira ukianza kuchomoza pembeni, umezidisha.

Mtaka_Shari: Silikoni ya nje ongeza tu, mimi la kwangu halijavuja.

Bi_Nati: Plastiki ya mapipa haishikwi na silikoni. Ikikauka inabanduka kama ganda. Tundu ulilitoboaje?

Mja_wa_Pipa: Tundu liko sawa, konekta imeingia vizuri.

Bi_Nati: Nimeuliza ulilitoboaje.

Mja_wa_Pipa: Kwa nondo ya moto. Sina drili, na wengi hufanya hivyo.

Kobe_Mzee: Vijana mna haraka. Mimi langu lilipasuka kwa jua, nikafugia kuku.

Bi_Nati: Basi ndiyo hiyo. Moto huacha ukingo ulioinuka na tundu la yai. Mpira unakalia kilima, hauwezi kubana. Ukikaza, nguvu zinaishia kwenye ukingo huo na ufa unaanzia hapo.

Jicho_Kali: Ngoja. Jana uliandika pipa lako lina midomo miwili midogo juu. Mkono wako uliingiaje kuweka konekta? Stori ya kutunga hii.

Mja_wa_Pipa: Sijatunga! Nilipitisha kamba kwenye tundu, nikaitoa mdomoni, nikaivalisha konekta na washa yake, nikavuta hadi nyuzi za konekta zikatokea nje.

Bi_Nati: Njia hiyo ipo, namwamini. Ila konekta ilizunguka ulipokaza nati, sivyo? Mpira ukajikunja. Ishike ncha kwa koleo, nati ndiyo izunguke.

Jicho_Kali: Sijashawishika.

Mja_wa_Pipa: Ilizunguka, kweli. Nikisugua ukingo kwa kisu?

Bi_Nati: Kwanza pima upana wa tundu sehemu ndefu zaidi. Kama haujafika milimita 26, azima drili na kikata tundu cha milimita 27, uweke konekta ya robo tatu. Hakikisha kichwa chake kinapita mdomoni. Kikata tundu hakina pa kuongozwa kwenye tundu lililopo, kwa hiyo bana ubao mwembamba nje ya pipa, toboa kupitia huo, polepole, bila kugonga. Kama umevuka 26, acha tundu hilo, chagua mahali penye ukuta laini usio na mbavu, juu ya mkunjo wa chini.

Mja_wa_Pipa: La zamani nitaliziba na nini?

Mtaka_Shari: Silikoni.

Mja_wa_Pipa: Nimepima. Milimita 25 na kitu. Nitajaribu kisu kwanza.