"MBONA KIMYA?" Jamani, huyu mtu amenivuruga

Mtoa mada: Wakuu, nina hasira. Mnamjua huyu, hakuna ofisi inayotangaza kazi asiyoipitia. Nafasi ni moja tu ya mtunza stoo, barua pepe zimeingia 412, na ya kwake haina hata neno moja ndani. Kichwa: "Fwd: Fwd: CV". Vyeti 11 vimepigwa picha kitandani mpaka maua ya shuka yanaonekana. Kwenye "To" kawapanga waajiri 38, tunaonana wote. Kesho yake karudi kwa herufi kubwa: MBONA KIMYA?

Kimya! Nina barua 412 halafu naulizwa mbona kimya!

Ya 287 ndiyo imenituliza. Kichwa: "Maombi ya kazi: Mtunza Stoo", kisha jina lake. Yote imeenea kwenye kioo cha simu:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu, habari za kazi. Naomba nafasi ya mtunza stoo mliyoitangaza tarehe 3. Nimetunza stoo ya vipuri miaka 4, nikijaza leja na kuhesabu mzigo kila mwisho wa mwezi. Wasifu na vyeti viko kwenye faili moja. Nikipata, nitahitaji siku 28 za notisi kwa mwajiri wangu. Asante kwa muda wako."

Chini jina na namba ya simu, basi. Faili nalo lina jina lake, siyo "scan0007". Huyo nimeshamweka kwenye orodha ya kupigiwa. Nafungua inayofuata, nani? MBONA KIMYA?

Mnyamwezi_Pori: Huyohuyo! Kwetu alitusifia kwa jina la kampuni ya jirani.

Dada Stoo: Kosa ni "To" tu. Angewaweka BCC yangeisha.

Mzee wa Faili: Hayaishi, dada. BCC inaficha anwani, lakini barua inabaki tupu, haitaji hata nafasi anayoomba. Kila ofisi iandikiwe yake. Na zile picha zikizidi MB 25, Gmail inazipeleka Drive na kumtumia mwajiri kiungo. Mwombaji asipotoa ruhusa, mwajiri anakuta mlango umefungwa, na mwenye barua 412 hagongi hodi. Afungue Drive kwenye simu, aguse alama ya kamera, apige cheti kimoja kimoja kwenye mwanga, inatoka PDF moja.

Jobless_Tandika: Bosi, umempata wa 287. Wa 288 hadi 412 umewasoma kweli, au ulishachoka?

Mtoa mada: Nimesoma zote. Ndiyo maana MBONA KIMYA inaniuma!

Jobless_Tandika: Na mhuri wa wakili mnaoutaka kwenye kila nakala ya cheti, kwa kazi ya mkataba wa miezi 3, unatusaidia nini? Si muuone vyeti halisi siku ya usaili?

Dada Stoo: Mhuri afadhali. Kuna wanaotaka 20,000 ya fomu kabla ya usaili.

Mnyamwezi_Pori: Hao wa fomu ni matapeli, anzisheni uzi wao.

Jobless_Tandika: Mhuri nao ni pesa, mzee. Vyeti vitano, kila kimoja unalipia.