Sera mpya ya mahudhurio na kazi ya mbali: barua fupi, sera nzima, au barua tofauti kwa kila kundi?

MratibuOfisi
Habari wakuu. Naombeni mawazo kabla ya Alhamisi. Sera yetu ya mahudhurio na kufanya kazi nje ya ofisi imerekebishwa na menejimenti imeshasaini. Mimi ndiye ninayetakiwa kuwaandikia wafanyakazi barua pepe ya muhtasari, yaani nini kinabadilika na kuanzia lini.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni barua fupi ya nusu ukurasa, sera yenyewe ikaambatishwa. Ya pili ni kubandika sera nzima ndani ya barua, mtu asije akasema hakuona kiambatisho. Ya tatu ni kuandika barua tofauti kwa kila kundi, ili mtu asome yanayomhusu tu. Mkurugenzi anataka ya kwanza, mwanasheria wetu anataka ya pili, mimi naelemea ya tatu. Nyie mngetuma ipi?

KaziPopote
Mkuu, mimi nasema wazi kwamba kuwarudisha watu ofisini ni kurudi nyuma. Mtu anayemaliza kazi yake apimwe kwa kazi hiyo, si kwa kiti alichokalia. Mwambie mkurugenzi wako afikirie upya.

MratibuOfisi
Ndugu, sera imeshapita. Ninachouliza ni namna ya kuitangaza.

BiUtawala
Mwanangu, hujatuambia kitu. Nini hasa kimebadilika? Kuanzia tarehe ngapi? Inamhusu nani, na nani haimhusu? Mishahara yenu hufungwa lini? Na kuna yeyote ambaye mkataba wake unasema kituo chake cha kazi ni nyumbani? Tujibu hayo kwanza ndipo tuzungumze urefu wa barua.

MratibuOfisi
Samahani dada, haya hapa. Awali mtu aliruhusiwa kufanya kazi nje ya ofisi siku 3 kwa wiki, sasa ni 2. Awali kila mtu aliingia saa 2:00 asubuhi na kupewa dakika 15 za msamaha. Sasa unaingia muda unaotaka mradi uwepo kati ya saa 4:00 asubuhi na saa 9:00 alasiri, na utimize saa 8 kwa siku. Ruhusa ya kufanya kazi nje awali ilikuwa ujumbe kwa msimamizi asubuhi hiyo hiyo, sasa inaombwa kwenye mfumo saa 48 kabla. Na saa zilizopungua bila ruhusa zitakatwa kwenye mshahara, jambo ambalo halikuwepo.

Inaanza mwezi ujao. Mishahara inafungwa tarehe 20. Mikataba ya nyumbani ipo michache, ni ya watu walioajiriwa wakiwa mbali. Tuna pia watu wa zamu.

MezaYaMishahara
Hapo kwenye "mwezi ujao" na "tarehe 20" ndipo kazi ilipo. Nisimulie kwa urefu kidogo, maana niliyaona nikiwa nakaa kwenye meza ya mishahara.

Sehemu niliyokuwa nafanya kazi walituma barua nzuri tu, fupi, lugha laini. Ilisema utaratibu mpya wa kukata saa zilizopungua "utaanza mwezi ujao". Barua ilitoka tarehe 26. Kwetu, kama kwenu, mwezi wa mshahara ulianza tarehe 21 na kuisha tarehe 20. Wafanyakazi wakaelewa ni tarehe 1. Wasimamizi wawili wakaelewa ni mwezi wa mshahara unaofuata, yaani wakasubiri mpaka tarehe 21 nyingine. Mfumo wenyewe haukujua lolote kuhusu barua: uliwekewa kanuni mpya kwa mshahara wa mwezi ule, ukahesabu kuanzia tarehe 21, siku 5 kabla hata barua haijaandikwa.

Siku ya mshahara watu wakakuta wamekatwa kwa kuchelewa kwa tarehe 22 na 23, siku ambazo utaratibu wa zamani ulikuwa bado halali. Halafu idara mbili zilizokaa ghorofa moja zikawa na makato tofauti kwa kosa lile lile. Tulilazimika kuchapisha mahudhurio ya kila mtu na kuyapitia siku kwa siku, na marejesho yakaingia kwenye mshahara uliofuata. Wapo waliokuwa na marejesho ya mkopo mwezi ule, na pesa haikutosha. Urefu wa barua haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa tarehe.

WakiliMtaani
Ndiyo maana mimi naunga mkono njia ya pili. Bandika sera nzima, washa taarifa ya kusomwa, basi. Akishafungua amekubali, hana pa kwenda.

BiUtawala
Kaka, nusu ya hayo ni kweli. Taarifa ya kusomwa inaonyesha barua ilifunguliwa, na ni vizuri kuitunza. Haionyeshi mtu amekubali. Kwa mambo ambayo mwajiri ana haki ya kuyapanga mwenyewe, kama utaratibu wa kuomba ruhusa, taarifa yenye muda wa kutosha kwa kawaida inatosha. Lakini mwenye mkataba unaosema kituo chake ni nyumbani habadilishiwi kituo kwa barua ya wote. Huyo anaitwa, anazungumzwa naye, na mabadiliko yanasainiwa pande mbili. Barua ya muhtasari iseme wazi kwamba yeye hahusiki na kipengele cha siku 2. La sivyo ataisoma, atadhani ameamriwa kuhama, na utapokea barua ya kujiuzulu usiyoitarajia.

Makato nayo, mwanasheria wenu ayaangalie kabla ya kitu kingine chochote. Kukata mshahara kuna masharti yake kisheria, na sera ya ndani peke yake huenda isitoshe.

Sasa tarehe. Chukua mfano kwamba barua inatoka tarehe 8 Machi. Usiweke tarehe moja kwa kila kitu. Siku 2 za nje, saa za pamoja na maombi ya saa 48 vianze tarehe 1 Aprili. Makato yaanze tarehe 21 Aprili, mwanzo wa mwezi wa mshahara, ili mshahara mmoja usibebe kanuni mbili. Kati ya tarehe 1 na 20 Aprili saa zinarekodiwa, mtu anaonyeshwa upungufu wake, lakini hakatwi. Hapo hapo utagundua kama mfumo unahesabu vibaya, kabla haujagusa pesa ya mtu.

Kila badiliko liandike kwa sentensi ya zamani na sentensi mpya, hivi:

"Hadi tarehe 31 Machi: unamjulisha msimamizi asubuhi ya siku husika. Kuanzia tarehe 1 Aprili: unaomba kwenye mfumo angalau saa 48 kabla. Ombi lililokwishakubaliwa kabla ya tarehe 1 Aprili linabaki halali."

Sentensi ya mwisho usiiache. Mtu aliyeruhusiwa mwezi Machi kuhusu siku zake za Aprili ndiye atakayekupigia simu wa kwanza.

KalamuNyekundu
Bi Utawala amesema vizuri, ila mimi bado naogopa muhtasari. Nimehariri nyaraka za namna hii, na kinachotokea ni kwamba mwandishi anataka barua isionekane kali. Sera inasema mtu "lazima" awepo saa za pamoja, muhtasari unasema "anahimizwa". Sera inasema msimamizi "anaweza" kuruhusu siku ya ziada, muhtasari unasema mfanyakazi "atapata" siku ya ziada. Kesho mtu anapewa onyo, anatoa barua yako, na ana haki ya kulalamika.

Kama utaandika muhtasari, nakili vitenzi vya sera kama vilivyo. Na weka mstari unaosema muhtasari ukipingana na sera, sera ndiyo inayofuatwa. Lakini mstari huo usiwe kisingizio cha kuandika ovyo, maana wengi hawatafungua kiambatisho.

MratibuOfisi
Hilo la "kuhimizwa" nimelikuta kwenye rasimu yangu mara mbili. Mkurugenzi ndiye aliyeliweka, anasema lugha iwe ya upole.

KalamuNyekundu
Upole uweke kwenye sababu ya mabadiliko na kwenye muda wa mpito. Usiuweke kwenye wajibu.

DadaZamu
Naomba na mimi niulize. Nafanya zamu ya usiku kwenye sehemu nyingine, si kwenu. Tulipokea barua ya "wafanyakazi wote" ikisema tuwepo saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Saa hizo mimi nimelala. Nilimuuliza msimamizi, akasema "haiwahusu nyie". Lakini haikuandikwa popote, na mfumo ukanihesabu sipo kwa siku zote za wiki ya kwanza. Hata saa zenyewe zilituchanganya, maana mashine ya mlangoni inaonyesha 10:00 na barua inasema saa 4:00, kuna kijana mgeni alikuja saa kumi jioni.

Tena wenzangu wengi hawana barua pepe ya kazi. Waliisikia kwenye Wasapu, wakasoma picha isiyosomeka.

BiUtawala
Pole mdogo wangu. Mratibu, umeona? Mstari wa kwanza baada ya salamu uwe ni nani anahusika na nani hahusiki. Wa zamu waandikiwe kwamba ratiba yao haijabadilika, kama kweli haijabadilika. Saa ziandikwe kwa namna zote mbili mara moja. Na kwa wasio na barua pepe, karatasi ile ile ibandikwe ubaoni na isomwe wanapobadilishana zamu.

MratibuOfisi
Si ndiyo hoja yangu ya njia ya tatu? Wa zamu wapate yao, wa mikataba ya nyumbani yao, wa ofisini yao.

MezaYaMishahara
Mimi nakataa. Barua tatu zitasomwa na watu wote ndani ya saa moja, na kila kundi litatafuta wenzao wamependelewa wapi. Ukikosea tarehe kwenye moja, utarekebisha moja na kusahau mbili. Barua iwe moja, yenye vichwa vya makundi ndani.

BiUtawala
Kwa wa mikataba ya nyumbani mimi bado nasema waandikiwe peke yao. Ni wachache, na jambo lao ni la kisheria. Waliobaki, barua moja.

KaziPopote
Na mtu aliye nje ya ofisi atarekodiwaje? Mlangoni kuna alama za vidole, nyumbani hakuna. Mkihesabu muda aliounganishwa na mtandao wa ofisi, umeme ukikatika anaonekana mtoro.

MezaYaMishahara
Hapo umegusa penyewe. Kwetu ilibidi mtu ajaze saa zake mwenyewe na msimamizi athibitishe kila Ijumaa.

WakiliMtaani
Akijaza mwenyewe atajaza saa 8 kila siku. Heri mashine.

KaziPopote
Na mashine ya mlangoni inajua kama aliye ndani anafanya kazi?

MratibuOfisi
Wakuu, sera haisemi chochote kuhusu kurekodi ukiwa nje. Naipeleka kwa mkurugenzi kesho asubuhi pamoja na la makato. Lingine: wiki yenye sikukuu ya Jumatano, zile siku 2 za nje zinabaki 2, au inakuwa 1? Na asiyezitumia wiki hii anazihamishia wiki ijayo?

BiUtawala
Zinabaki 2, isipokuwa sera iseme vinginevyo. Hazihamishwi.

KalamuNyekundu
Dada, hilo la kutohamishwa umelitoa wapi? Sera isiposema, barua isitunge kanuni. Hata hiyo 2 ya wiki ya sikukuu, amuulize aliyesaini.