Naomba ushauri: sehemu za kujaza kwenye Jira zimezidi, nianze kufuta zipi?

Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa Jira ya ofisi yetu. Mtu akitaka kuandika kazi mpya anakutana na sehemu 23 za kujaza, 6 kati ya hizo za lazima. Vijana wamechoka, siku hizi wanatumiana kazi WhatsApp.

Nimeanza kukagua sehemu moja moja hivi:

```
"Kanda" is not EMPTY AND created >= -180d
```

"Kanda" imejazwa kwenye kazi zote 412. Nikafurahi, kumbe ina jibu lililowekwa tayari, "Makao Makuu", na watu wanaliacha hivyo hivyo. Nilipoongeza `AND "Kanda" != "Makao Makuu"` zikabaki kazi 9 tu.

Nafikiria kuiondoa kwenye skrini ya kuandikia kazi kwanza bila kuifuta, maana hapo data za zamani zinabaki. Hofu yangu ni vichujio na ripoti za mabosi zinazoitegemea. Hizo sijui zote ziko kwa nani. Mliowahi kufanya hili, mlizibainishaje? Na mliacha muda gani kabla ya kufuta kabisa?