Watoto wakilala mchana nina masaa mawili tu. Nifanye biashara gani?

Mama Wawili: Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mama wa nyumbani, niko Kinyerezi, nina watoto wawili, mmoja miaka mitatu, mdogo mwaka na miezi miwili. Msaidizi sina. Wanalala wote saa saba na nusu mpaka saa tisa na nusu hivi, na hayo ndiyo masaa yangu. Baba yao anafanya kazi, ila hela anaacha ya kula tu, hata ya vocha lazima niombe. Nataka kitu cha kufanyia hapahapa ndani. Nimefikiria sambusa za kugandisha, mtu ananunua anaenda kukaanga mwenyewe. Mnaonaje? Matusi hapana jamani.

Kijiwe Nongwa: Masaa mawili ya kimya na watoto wawili ndani! Yauze hayohayo, mimi nachukua nusu saa.

Mwana wa Likoni: Dadangu, wangu walipokuwa wadogo nilikuwa napika mahamri na mbaazi hapa kwetu Likoni. Naamka saa tisa za usiku, jua likitoka karai limejaa, saa mbili asubuhi hakuna hata moja. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu ameoa jiko. Nimesomesha watoto watatu kwa mahamri. Wewe wachana na sambusa, pika mahamri.

Mama Wawili: Asante mama, lakini usiku mdogo wangu ananyonya, siwezi kuamka saa tisa nikakaa jikoni.

Bint Tanga: Sambusa nimeuza miaka sita, ngoja nikuulize kwanza. Friza unayo au unanunua? Na mtaji ni kiasi gani?

Mama Wawili: Mtaji upo, hiyo siyo shida. Friza nimeshaiona, ya mtumba, nzuri tu. Nilichotaka kujua ni bei, moja mnauza shilingi ngapi?

Bint Tanga: Mdogo wangu, juu umesema hata vocha unaomba. Huo mtaji umetoka wapi?

Mama Wawili: Kwani lazima? Nimeuliza sambusa.

Bint Tanga: Lazima. Hela yako mwenyewe na hela ya mtu hazipiki sambusa za bei moja.

Mama Wawili: Haya. Nimekopa laki sita kupitia kikundi cha akina mama wa mtaani. Marejesho elfu sitini kila Jumatano, wiki kumi na mbili. Ya kwanza ni Jumatano ijayo. Friza ni 420,000, nimetanguliza 150,000. Hizo 450,000 zilizobaki zipo kwenye simu, sijazigusa. Mume hajui. Na kabla hamjaanza, kikundini wote wamekopa na wanarejesha, sioni kwa nini mimi nishindwe.

Mjumbe wa Nyumba Kumi: Sasa hapo ndipo nyumba zinapobomoka. Mwanamke anaingia kausha damu bila mwenzake kujua, siku wanakuja kubeba televisheni mume anadhani ni wezi. Mama, kaa chini na mumeo. Biashara bila baraka ya mume haina miguu.

Kijiwe Nongwa: Mjumbe, na mume anayeacha hela ya kula tu baraka yake ina miguu mingapi?

Bint Tanga: Mnagombana wakati Jumatano inakuja. Tupige hesabu.

Mkupuo mmoja kwangu ni kilo ya nyama ya kusaga na kilo ya unga, napata sambusa 70. Nyama 12,000, unga 2,000, vitunguu kilo nzima 2,000, viungo na limau 1,500, mafuta 500, gesi 1,500, vifuko 1,000. Jumla 20,500. Ukiuza 450 moja, zote zikitoka unapata 31,500. Faida yako 11,000. Mpaka hapo inapendeza.

Sasa tazama saa. Manda peke yake saa moja na nusu. Kukata vitunguu, kuunga nyama mpaka ikauke, saa moja. Kufunga, mkono mwepesi ni dakika moja kila sambusa, maana yake saa nzima na ushee. Kupanga kwenye sinia, kugandisha, kuhesabu na kutia vifukoni, nusu saa na zaidi. Masaa manne na nusu kwa mkupuo mmoja, na wewe una mawili kwa siku. Wiki ikienda vizuri, mtoto asiugue, utatoa mikupuo mitatu. Hiyo ni 33,000. Unadaiwa 60,000.

Mama Wawili: Lakini nikizoea nitakuwa na kasi. Na vitunguu naweza kukata wakiwa macho. Tena nikiwa na friza naweza kutengeneza nyingi nikaweka.

Bint Tanga: Friza haikuongezei mikono. Inatunza ulichokwisha kufunga, basi.

Fundi Volti: Na friza nayo inakula. Dada, kwa mwezi unatumia uniti ngapi?

Mama Wawili: Hamsini na tano, tunaishi vizuri tu na zile za bei nafuu.

Fundi Volti: Basi sikiliza. Friza ya mtumba, mpira wa mlango umelegea kidogo, weka uniti 40 kwa mwezi. Jumla 95. Ukiwa unavuka 75 kila mwezi unatolewa kwenye lile kundi la bei nafuu, na uniti zako zote zinahesabiwa kwa bei ya juu, taa na pasi humohumo. Mimi ilinikuta. Kutoka 122 kwa uniti nikaenda 356. Hivyo 55 zako ni kama 6,700 kwa mwezi, na 95 ni kama 33,800. Friza inakudai elfu ishirini na saba kabla hujaweka hata sambusa moja. Ushauri mwingine, ijaze chupa za maji, friza tupu inakula umeme zaidi.

Bint Tanga: Kwenye hesabu ya LUKU uko sawa. Chupa za maji zinasaidia umeme ukikatika, baridi inakaa muda mrefu. Kupunguza uniti, mimi sijaona tofauti.

Fundi Volti: Mimi nimeona.

Macho Kodo: Samahanini, nyie mnapiga hesabu ya mtu ambaye hayupo. Watoto wa miaka tofauti wanalala saa ileile na kuamka saa ileile kila siku? Mtu ana deni, ana siri kwa mume, na friza ya mtumba anayo tayari kwenye hadithi. Huu uzi ni wa kutengenezwa. Subirini, muda si mrefu atatokea mtu na namba ya simu, mkopo nafuu au friza inauzwa.

Kijiwe Nongwa: Mkuu, basi aliyetunga angetafuta mume mwenye hela.

Mjumbe wa Nyumba Kumi: Hata mimi nilishangaa hao watoto.

Mama Wawili: Mdogo analala kwa sababu mkubwa amelala. Mkubwa akiamka dakika ishirini kabla, siku hiyo mimi nimekwisha. Sina cha kuthibitisha. Juzi nilijaribu sambusa 30 kwa friza ndogo ya jirani. Nilizitia zote kwenye kifuko kimoja, zikagandana kama tofali. Nilipozibandua zikachanika, na zile zilizobaki nilipokaanga zikapasuka chini kwenye kona, mafuta yakajaa nyama. Jirani aliponunua kumi alinirudishia sita. Nililia. Nani anatunga hivyo?

Bint Tanga: Macho Kodo, huyu yupo. Zikipasuka kona ya chini, nyama ilifungwa ikiwa na joto. Ule mvuke unageuka maji humohumo ndani, manda inalainika, na ikiganda inachanika. Mama, ulisubiri ipoe?

Mama Wawili: Sikusubiri. Saa tisa ilikuwa inakaribia.

Bint Tanga: Ndiyo hivyo. Nyama iliyokauka na kupoa kabisa, kisha unapanga kwenye sinia moja moja zisigusane, zikishakuwa ngumu ndipo kifuko. Huo muda wa kusubiri wewe huna.

Mimi ningekuwa wewe ningeachana na nyama, nikauza manda tupu. Unga unaukanda asubuhi wakiwa wanacheza, na unga kukaa ni faida yake. Gawanya vidonge 18. Sukuma kila kimoja kama sahani ya chai, paka mafuta, nyunyiza unga, panda kingine juu, vinne au vitano kwa pamoja, halafu sukuma vyote viwe vyembamba. Ukiacha kunyunyiza unga vitagandana na hutabandua kitu. Watoto wakilala ndipo unawasha moto. Chuma kikavu, moto mdogo, unageuza na kubandua moja moja. Ukiona madoa ya kahawia moto umezidi, hiyo itavunjika mteja akiikunja. Kata nne nne, funika kwa kitambaa. Mbili tatu zitachanika, unabaki na 70.

Unga, mafuta, gesi na vifuko ni 4,000. Kifuko cha manda 20 mimi nauza 2,500. Kwa kilo moja unapata 8,750, faida 4,750, na muda unakutosha siku hiyohiyo. Siku sita ni 28,500. Friza huhitaji, kwenye friji ya kawaida zinakaa siku tatu. Muhimu zaidi, wakiwa macho hakuna chuma cha moto jikoni.

Na ile 450,000 usiiguse. Inalipa marejesho saba na nusu. Zinabaki 270,000, na wiki kumi na mbili za manda ni 342,000. Uliza pia kama ukilipa mapema riba inapungua. Wengi hawapunguzi, lakini uliza.

Mama Wawili: Nilikuwa nimeshaipenda ile friza.

Pilipili Mbuzi: Bint Tanga nakuheshimu, ila umehesabu kama Ramadhani. Nauza manda Kariakoo. Mwezi mtukufu siwezi kulala, vifuko hamsini kwa siku. Miezi mingine wiki nzima naweza kuuza vitano. Huyo kwa hesabu yako atoe 21 kwa wiki, atampa nani Kinyerezi?

Bint Tanga: Wauza chipsi na wenye vibanda vya chai wanaokaanga sambusa kila siku. Hao ndio wateja wangu mimi, wawili tu wananimalizia nusu.

Pilipili Mbuzi: Wako wewe ni wa Tanga. Wa hapa wanapika manda zao wenyewe, na wanaokununulia wanataka mali kwanza, hela Jumamosi.

Bint Tanga: Hapo sikubishii. Kabla ya kukanda kilo ya pili, azunguke na watoto asubuhi, vibanda kumi, apeleke manda tano tano za kujaribia. Wawili wakikubali kulipa palepale, aendelee. Wasipokubali, mimi sina jibu lingine la masaa mawili.

Mjumbe wa Nyumba Kumi: Na mume?

Mama Wawili: Nitamwambia baada ya Jumatano. Najua mtasema kabla. Nimempigia mwenye friza, anasema 150,000 hairudi labda apatikane mtu mwingine wa kuichukua.

Fundi Volti: Ni lita ngapi hiyo friza? Kama compresa ni nzima, mimi naitaka.

Macho Kodo: Nilisema mimi!