Mhusika anaserereka akitembea, nirekebishe wapi?

Mchoraji_Tanga: Wakuu habari zenu, natengeneza kagemu Godot 4, mhusika nimemwanimeti Blender, anatembea palepale halafu skripti ndo inamsukuma. Sasa soli ikishatua chini haitulii, inaserereka kwenda mbele. Spidi nimeweka 3. Shida nini?

kobe_wa_pwani: Ongeza speed_scale kidogokidogo mpaka jicho likubali, mi ndo nafanyaga hivo na maisha yanaenda.

Bi_Fremu: Jicho litakubali leo, kesho ukibadili spidi unaanza upya. Pima bana. Rudi Blender, tafuta fremu ambayo soli imelala chini yote na fremu ambayo kisigino kinaanza kunyanyuka, uangalie mfupa wa mguu umerudi nyuma kiasi gani hapo katikati. Mfano umerudi mita 0.42 ndani ya fremu 9, na animesheni ni fremu 30 kwa sekunde, basi hiyo ni sekunde 0.3, kwa hiyo miguu inatembea mita 1.4 kwa sekunde. We unamsukuma 3, lazima aserereke. Na kama umemkuza kwenye Godot mara 1.2, hiyo 1.4 nayo izidishe mara 1.2.

```
var kasi = Vector2(velocity.x, velocity.z).length()
anim.speed_scale = kasi / 1.4
```

Iweke baada ya move_and_slide(), na iwe kwenye kutembea tu, akiacha kutembea irudishe 1, la sivyo akisimama hata animesheni ya kusimama inaganda.

juma_piksel: Hata wangu anateleza, nikiachia kitufe anaenda mbele kidogo ndo anasimama.

Bi_Fremu: @juma_piksel yako nyingine hiyo, breki zako ndogo. Ongeza namba ya mwisho kwenye move_toward.

Mchoraji_Tanga: Dada nimepima, na mimi imekuja karibu 1.4. Kuserereka kumepungua sana ila sasa anachakarika kama anawahi daladala ya mwisho 😂

Bi_Fremu: Si umeizidisha mara mbili na zaidi. Binadamu akikaribia mita 2 kwa sekunde anaanza kukimbia mwenyewe, hiyo 3 ni ya jogingi. Shusha hadi 1.5 au tengeneza animesheni ya kukimbia uipime nayo kivyake. Mi speed_scale siitoi nje ya 0.8 hadi 1.25.

Mchoraji_Tanga: Nimeshusha 1.5, safi, ila katikati ya hatua mguu bado unacheza kidogo, unaenda nyuma halafu unarudi mbele.

Bi_Fremu: Hiyo ni Bezier, Blender ndo inaiweka yenyewe. Mguu unaanza taratibu, unachanganya katikati, unapunguza tena, wakati mwili unaenda mwendo uleule, so wastani uko sawa ila kila fremu haiko sawa. Chagua kii za mguu pale unapokuwa chini, bonyeza T, weka Linear. Za mguu ukiwa hewani ziache.

kobe_wa_pwani: Si atumie root motion tu, animesheni yenyewe imsogeze, yote haya yanaisha?

Bi_Fremu: Yanaisha, ila kitufe kinakuwa kizito kuitika, mi kwa mhusika wa mchezaji siipendi. Kwa maadui sawa.

Mchoraji_Tanga: Linear imekubali 🙏 Sasa akitembea kiubavu je, nako napima upya?